Tumbo likifungika: kwa nini sonda na serumu vinatangulia kisu



Pengine umekwisha kukaa usiku ndani ya kolidoro ya hopitali, hapa Kolwezi ao kule Fungurume, ukingoja habari za mgonjwa. Tumbo lake limevimba kama ngoma, anatapika tangu asubuhi, na munganga amekwisha kusema kwamba matumbo yamefungika. Jamaa yote inangoja kitu kimoja: apelekwe kupasuliwa. Lakini badala ya kisu mnaona mfirmie anakuja na mpira mwembamba, anaupitisha puani mwa mgonjwa, anautia serumu mkononi, na kisha saa zinapita. Hapo maneno yanaanza. Yaya wa mgonjwa anasimama na kusema:

– Munganga, siye tulileta mugonjwa apasuliwe. Sasa munamutia mupira mu pua! Tumbo yake iko inajaa maji, na munaongeza tena maji?

Swali hili si la ujinga. Linastahili jibu, maana jamaa wasipoelewa jibu lake, wao wenyewe wanatoa ule mpira usiku, ao wanamnywesha mgonjwa maji kwa siri juu ya kumhurumia, ao wanamwondoa hopitalini kabisa. Munganga mmoja alijibu kwa maneno mafupi kupita yote niliyosikia:

– Yaya, maji iko mu tumbo, lakini mu damu hamuna tena.

Neno hilo ndilo tutakalolifungua mwezi huu.

Tuchukue mfano, ili tusiongee hewani. Ni mfano tuliotunga, lakini kila mfirmie wa Lualaba atamtambua mtu huyu. Ni baba wa miaka 40, mchimbaji wa Kasulo, ule mtaa ambapo tangu mwaka 2014 watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Uzito wake ni kilo 60. Miaka mitano iliyopita alipasuliwa tumbo juu ya tifoidi iliyotoboa utumbo. Akapona, akarudi kazini. Jana jioni, baada ya kula bukari na sombe, tumbo lilianza kumkata. Maumivu yanakuja, yanapanda, yanamkunja, kisha yanamwacha dakika chache, halafu yanarudi tena. Usiku alitapika chakula. Asubuhi alitapika maji ya kijani. Mchana yalikuwa ya rangi ya kahawia na yenye harufu mbaya. Tangu jana hajaenda choo, na tangu asubuhi hata hewa haikutoka kwa nyuma. Nyumbani walimpiga bomba la maji ya dawa za miti, mara mbili. Halikusaidia. Saa moja ya jioni anafika hopitalini juu ya pikipiki, akishikwa na watu wawili.

Sasa acha mgonjwa alale kitandani, nasi tuangalie kwanza kile kinachotendeka ndani.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima ni mrefu, karibu mita 6, umekunjwa katikati ya tumbo. Watu wengi wanafikiri ni bomba la kupitisha chakula tu. Kumbe ni kama mto unaojaa na kukauka kila siku. Mate, maji ya tumbo la chakula, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe, ukijumlisha yanapata karibu lita 7 kwa siku. Ongeza lita 2 unazokunywa na kula, ni lita 9, karibu bidoni mbili za lita 5. Zile lita 7 zinatoka ndani ya damu, pamoja na chumvi yake, na karibu maji yote yanarudi ndani ya damu, kwa sababu utumbo unayanyonya tena kadiri yanavyosafiri. Yanayotoka chooni hayafikii hata robo ya lita. Ni deni ambalo mwili unakopa asubuhi na kulipwa jioni.

Funga njia mahali pamoja, na deni halilipwi tena. Juu ya kizuizi maji yanaendelea kumiminika, lakini ukuta wa utumbo ulionyoshwa na kuvimba unaacha kunyonya. Tena unaanza wenyewe kutoa maji zaidi. Hewa ambayo mtu anaimeza kila mara nayo inakusanyika pale. Utumbo unapigana kusukuma, ndiyo yale maumivu yanayokuja na kuondoka. Kinachoshindwa kupita kinarudi juu, mtu anatapika. Kwa siku moja mtu anaweza kuwa na lita kadhaa za maji zilizolala ndani ya matumbo, na wakati huohuo ulimi wake umekauka kama karatasi, macho yameingia ndani, moyo unakimbia, na mkojo umekwisha. Ana kiu katikati ya maji. Ndiyo sababu mgonjwa wa namna hii mara nyingi anakufa juu ya kukosa maji na chumvi ndani ya mishipa ya damu, kabla ya kizuizi chenyewe kumwua.

Waganga walichukua muda mrefu kulielewa jambo hili. Zamani wengi walifikiri kwamba utumbo uliofungika unatengeneza sumu inayoua. Mwaka 1912 waganga wawili wa New York, Hartwell na Hoguet, walijaribu na mbwa. Walifunga utumbo wao sehemu ya juu, kisha baadhi yao waliwapa maji ya chumvi chini ya ngozi kila siku. Mbwa wasiopewa walikufa upesi; waliopewa waliishi siku nyingi zaidi, na utumbo wao ungali umefungwa vilevile. Hapo ikaonekana kwamba kilichokuwa kinawaua kilikuwa zaidi ukosefu wa maji na chumvi kuliko sumu.

Ni nini kinachofunga utumbo? Kwetu sababu mbili zinapita nyingine, na mfano wetu unagusa ya kwanza. Mtu akipasuliwa tumbo, hata kwa mikono safi na kazi nzuri, ndani yake mara nyingi panabaki makovu. Kovu la ndani halifanani na lile unaloliona juu ya ngozi. Linakuwa kama uzi ao utando unaoshikamanisha utumbo na utumbo, ao utumbo na ukuta. Waganga wanauita bridi. Kwa miaka mingi uzi huo haufanyi kitu. Siku moja tu kipande cha utumbo kinajikunja juu yake, ao kinapita chini yake, nayo njia inafungika. Kwa hiyo mama aliyezaa kwa kupasuliwa, kijana aliyetolewa apendisi, na zaidi mtu aliyepasuliwa juu ya tifoidi, wote wanabeba hatari hiyo. Tifoidi si jambo dogo katika inchi yetu. Mwishoni mwa mwaka 2004 ugonjwa huo ulipoenea Kinshasa, mamia ya watu walitoboka utumbo ao kujaa usaha tumboni. Wale waliopona kwa kisu wanabeba makovu hayo mpaka leo.

Sababu ya pili ni ngiri, ile wengine wanaiita herni. Kipande cha utumbo kinatoka kupitia mahali padhaifu pa ukuta wa tumbo, mara nyingi penye kinena. Mara nyingi udhaifu wenyewe mtu amezaliwa nao. Lakini kupandisha mifuko ya mawe toka shimoni, kikohozi cha vumbi, na kujikaza kila siku, vinakisukuma kitoke. Ngiri inayorudi ndani ukilala inaweza kukaa miaka. Ile inayotoka siku moja na kugoma kurudi, ikawa ngumu na kuuma, hiyo imekamata utumbo shingoni. Kwa watoto iko pia sababu ya minyoo mikubwa inayojiviringa kama fundo la kamba, na kwa watoto wachanga utumbo unaoingia ndani ya utumbo wenyewe. Iko tena kifua kikuu cha tumbo, utumbo kujisokota, na uvimbe wa kansa. Hizo tuziache kwa siku nyingine.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Munganga hajaita picha bado. Anatumia macho na mikono. Anaona kovu refu katikati ya tumbo, hiyo peke yake ni nusu ya habari. Anamshusha nguo mpaka mapaja na kugusa kinena pande zote mbili, hata mgonjwa akiona haya. (Wewe mama, usimkaripie munganga juu ya hilo. Ngiri ndogo iliyonyonga utumbo imefichwa mara nyingi chini ya haya, hasa kwa wanawake wazee na wanene, na picha ya bure ikapigwa ya tumbo.) Kwa baba wetu kinena ni safi. Tumbo limevimba lakini linabonyea. Halijawa gumu kama ubao. Moyo unapiga mara 124 kwa dakika, tansio ni 90 kwa 60, joto la mwili ni la kawaida. Mkojo ni kidogo, mweusi kama chai.

Kisha anaomba radio, si ile ya kusikiliza habari, ni picha ya mwili. Mara nyingi wanapiga picha mbili, moja mgonjwa amelala, nyingine amesimama ao ameketi akishikwa. Kila moja ina kazi yake. Kwenye picha ya kulala munganga anatafuta utumbo uliovimba katikati ya tumbo: ukipita sentimeta 3 kwa upana, utumbo mwembamba umevimba. Anautambua kwa mikunjo yake myembamba inayokata toka ukuta mmoja mpaka wa pili, kama ngazi. Utumbo mnene unakaa pembeni, kama fremu ya dirisha, na mikunjo yake haivuki upande wa pili. Kwenye picha ya kusimama, maji yanashuka chini na hewa inapanda juu, na mpaka kati yao unaonekana kama mstari ulionyoka kabisa, sawa na maji ndani ya chupa iliyojaa nusu. Mistari mingi ya namna hiyo, mmoja juu, mmoja chini, ndiyo waganga wanaiita vipimo vya maji na hewa. Kwa baba wetu iko mitano, nayo hewa ndani ya utumbo mnene ni kidogo sana. Chini ya kiwambo cha kifua munganga anatafuta kitu kimoja tena: utepe mweusi wa hewa. Ungekuwepo, maana yake utumbo umetoboka, na mazungumzo yote yangebadilika. Haupo.

Lakini usiamini radio kupita kiasi. Utumbo uliojaa maji matupu bila hewa hauonyeshi mistari yoyote. Picha inaweza kuonekana karibu ya kawaida huku mgonjwa ana kizuizi kamili. Tena mistari inaweza kuonekana kwa mtu ambaye utumbo wake umelala tu, bila kizuizi, kwa mfano baada ya operasio ao kwa kukosa potasiamu. Na radio karibu haiwezi kusema jambo kubwa kupita yote: utumbo huu ungali na damu, ao umekwisha kunyongwa? Ekografi inasaidia pale ambapo hewa si nyingi: inaonyesha utumbo uliojaa maji, uliopanuka kupita sentimeta 2 na nusu, na maji yanayokwenda mbele na kurudi nyuma bila kufika popote. Skaneri ndiyo inayoona zaidi, mahali pa kizuizi na hali ya damu, lakini haipo kila mahali, ina bei yake, na haitakiwi kumchelewesha mtu ambaye tumbo lake limekwisha kuwa gumu. Ndiyo maana munganga anarudi kumgusa mgonjwa kila saa chache. Mkono unaona mabadiliko ambayo picha moja haiwezi kuona.

Sasa sonda. Kwa mtu mzima inachukuliwa nene, namba 16 ao 18. Nyembamba inaziba upesi. Mfirmie anaipima toka pua mpaka sikio, na toka sikio mpaka chini ya mfupa wa kifua, anatia alama. Anaipaka mafuta ya maji, anamketisha mgonjwa, na inapofika kooni anamwomba ameze. Hapo mgonjwa anataka kutapika, machozi yanamtoka; ni dakika moja mbaya, na hakuna njia ya kuisifu. Mgonjwa akikohoa sana ao akikosa sauti, sonda imeingia njia ya hewa, inatolewa palepale. Mfirmie anahakikisha kwamba iko tumboni kwa kuvuta maji yake. Ni vizuri alama yake ionekane pia kwenye radio. Kisha inafungwa na plasta puani, na mwisho wake unaingia ndani ya mfuko uliowekwa chini ya kitanda. Mara nyingi ni mfuko uleule wa mkojo uliouzwa na famasi, usishangae.

Kwa baba wetu yalitoka lita moja na nusu mara ya kwanza, ya kahawia, yenye harufu iliyowafukuza wageni chumbani. Baada ya nusu saa alisema neno la kwanza toka afike: «Napumua.» Na kweli, tumbo lililojaa linasukuma kifua juu na kukinyima nafasi. Sonda inapunguza uzito huo, inakata kutapika, na inapunguza ule mkazo ndani ya utumbo unaobana mishipa midogo ya damu ya ukuta wake. Lakini kazi yake kubwa labda ni ile isiyoonekana. Mtu ambaye tumbo limejaa, ukimlaza usingizi wa operasio, koo linalegea, na maji yale ya kahawia yanapanda na kuingia mapafuni. Mtu anaweza kufa mezani kabla kisu hakijamgusa. Sonda haitoi yote, na yule wa kulaza usingizi bado anachunga. Lakini kumlaza mgonjwa huyu bila sonda ni kucheza na moto.

Aliyeieneza kazi hii ulimwenguni alikuwa mpasuaji wa Amerika, Owen Wangensteen, wa chuo kikuu cha Minnesota, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hakuwa na mashine ya umeme. Alitundika chupa za maji: maji yakishuka toka chupa ya juu kwenda ya chini, yanavuta hewa nyuma yake, na mvuto huo unanyonya tumbo polepole usiku kucha. Aliona kwamba wagonjwa wengine walifunguka bila kupasuliwa, na kwamba wale waliopasuliwa walifika mezani wakiwa na nguvu. Habari hiyo inatufaa sisi ambao umeme wa SNEL unakatika bila kuaga. Mfuko ulio chini kuliko kitanda, pamoja na mfirmie anayevuta kwa sindano kubwa kila baada ya saa chache na kusafisha mpira na maji kidogo, unafanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa hiyo usiinue mfuko juu ya kitanda ili «usionekane», usikunje mpira, na usimpe mgonjwa maji. Unachokinywesha hakifiki kwenye damu. Kinaongeza tu kile kilichofungwa. Lowesha midomo yake kwa kitambaa, inatosha. Dawa za kuharisha nazo ni mbaya zaidi: zinapiga fimbo utumbo ambao mbele yake mna ukuta.

Na serumu? Fanya hesabu pamoja na munganga. Mtu mwenye ulimi mkavu, tansio ya kushuka na mkojo mweusi amepoteza karibu sehemu 8 kwa 100 za uzito wake. Kwa kilo 60, hiyo ni karibu lita 5. Ndiyo maana chupa moja ya nusu lita, inayotiririka usiku kucha, haisaidii kitu. Serumu ya kufaa ni ile yenye chumvi karibu na ya damu: Ringa lakteti, ao maji ya chumvi ya 9 kwa 1000, ambayo inafaa hasa kwa anayetapika sana maji ya tumbo. Serumu ya sukari peke yake, ambayo jamaa wengi wanaipenda wakisema inatia nguvu, haifai hapa. Sukari ikitumika, yanabaki maji matupu yanayoikimbia mishipa na kupunguza chumvi ya damu.

Baba wetu alipewa lita ya kwanza kwa nusu saa, kupitia sindano nene mbili, na ya pili kwa saa moja. Kwa mtoto, mzee, ao mwenye ugonjwa wa moyo, vipimo ni vingine na mwendo ni wa polepole. Kisha munganga hakuangalia chupa tena, aliangalia mkojo. Sonda ya kibofu ilionyesha mililita 15 kwa saa ya kwanza, 25 kwa ya pili, na baada ya lita ya tatu 40. Kwa kilo 60, kuanzia 30 kwa saa ndipo figo zinanywa tena. Moyo ulishuka toka 124 mpaka 100. Hapo tu ndipo potasiamu iliingia, ikichanganywa ndani ya chupa na kutiririka polepole, maana anayetapika anaipoteza nyingi na bila hiyo utumbo unalala. Kabla ya mkojo kurudi haiwekwi, na haisukumwi kamwe moja kwa moja mshipani kwa sindano, inasimamisha moyo. Toka hapo, kila lita iliyoonekana ndani ya mfuko wa sonda ilirudishwa mshipani, juu ya ile ya kawaida ya siku. Ndiyo maana mfirmie anakasirika ukimwaga mfuko bila kumwonyesha. Umemwaga hesabu yake.

Utauliza: na kama utumbo unakufa wakati tunahesabu matone? Umeuliza vema, na hapa ndipo penye mgawanyiko wa njia. Ingekuwa ngiri ngumu, nyekundu, isiyorudi ndani. Ao maumivu yaliyoacha kuja na kuondoka, yakakaa palepale bila kupumzika. Ao homa, tumbo gumu kama ubao, moyo unaokimbia hata baada ya lita tatu, basi kisu hakingoji kesho. Hata hapo sonda na serumu vinatangulia, lakini kwa saa moja ao mbili, pamoja na antibiotiki, wakati chumba cha operasio kinatayarishwa. Mtu mwenye tansio ya 90, ukimlaza usingizi kabla ya kumjaza, dawa zinafungua mishipa na tansio inaanguka mpaka chini. Kumjaza maji kwanza ndiko kunakomwezesha kuvumilia kisu. Na wewe mwenye ngiri ya namna hiyo, usikae nyumbani kuisukuma kwa nguvu ao kuikanda na maji ya moto: unaweza kurudisha ndani utumbo uliokufa, ukafurahi nusu siku.

Kwa makovu bila alama hizo, njia ni nyingine. Wagonjwa wengi wa namna hiyo wanafunguka kwa sonda na serumu tu, na waganga wanakubali kungoja mpaka karibu saa 72, mradi mtu anaguswa mara kwa mara na mpasuaji yuko karibu. Tena kila kupasua kunatengeneza makovu mapya, hiyo ni sababu ya kutokimbilia kisu. Mahali penye dawa ya picha inayoyeyuka katika maji, kama gastrografini, wanapitisha mililita 100 ndani ya sonda, tumbo likiisha kutolewa maji, na kupiga radio nyingine kesho yake. Dawa ikionekana ndani ya utumbo mnene, njia inafunguka. Isipoonekana baada ya saa 24, mara nyingi itabidi kupasua.

Baba wa Kasulo hakupata dawa hiyo. Famasi haikuwa nayo. Usiku wa kwanza yaya yake alilala chini karibu na mfuko. Kesho yake sonda ilitoa lita moja na kidogo, bado kahawia. Tumbo lilishuka, maumivu yalianza kupeana nafasi. Siku ya pili yalitoka mililita 400, na rangi ilirudi kuwa kijani, kisha njano. Saa kumi na moja ya jioni hewa ilipita kwa nyuma, kwa sauti, chumba kizima kilicheka, na mfirmie akaandika saa yake kwenye karatasi. Asubuhi wakafunga sonda kwa saa chache wakiangalia kama atatapika, hakutapika, ikatolewa. Alipewa chai, kesho yake uji. Bukari alingoja mpaka siku ya tano, naye alilalamika juu ya hilo kuliko juu ya sonda.

Alipotoka munganga alimpa karatasi iliyoandikwa tarehe ya operasio ya kwanza, kizuizi hiki, na kile kilichotendwa, akamwambia aiweke pamoja na kitambulisho. Kovu lingali mahali pake. Siku tumbo litakapomkata tena pamoja na kutapika kijani, mfirmie wa usiku ataisoma karatasi hiyo, naye ataanza na sonda na serumu bila kungoja mtu amsimulie habari.